Kutoka Darsani hadi Safari ya Saudia: Barua ya Kubadili Mada ya Tasnifu

Rasimu ya kwanza ya barua pepe ilikuwa fupi. "Shikamoo Mwalimu. Natumai u mzima. Nimeona mada yangu ya dini ni pana sana, na kwa sasa navutiwa zaidi na masuala ya uhamaji. Naomba ruhusa yako nibadilishe." Mwanafunzi aliisoma mara mbili, kisha akaifuta. Alifanya vyema.

Msimamizi yeyote angeisoma barua ile na kubaki na wasiwasi. Haisemi ni kitu gani kimetokea. Haina swali la utafiti. Mbaya zaidi, inaeleza kwamba mtu amechoka na jambo moja na kuvutiwa na jingine, na aliyechoka leo anaweza kuchoka tena baada ya miezi sita, ada ya muhula mwingine ikiwa imeshalipwa. Kubadili mada katikati ya shahada ya uzamili si dhambi, tena hutokea mara kwa mara. Lakini barua inayoomba badiliko hilo ina kazi ya kufanya, na kazi yenyewe ni kuonyesha kwamba utafiti ndio uliomvuta mwanafunzi huko anakotaka kwenda.

Mwanafunzi huyu na barua yake vimetungwa kwa ajili ya makala haya. Tafiti, sheria na taasisi zinazotajwa ni za kweli. Yeye anasoma sosholojia katika chuo kimoja cha pwani ya Kenya. Tasnifu ataiandika kwa Kiingereza, ila yeye na msimamizi wake, wote wawili wenyeji wa Mombasa, huandikiana kwa Kiswahili. Mada yake ya awali ilihusu nafasi ya darsa za wanawake katika malezi ya mabinti huko Kisauni. Kila baada ya alasiri, wanawake hukusanyika madrasa au sebuleni kwa mwenzao, wakasoma na kuulizana maswali ya dini. Yeye alitaka kujua kinachofundishwa pale hufikaje nyumbani.

Alianza na mahojiano tisa ya majaribio. La kwanza lilikwenda kama alivyopanga. La pili lilimshangaza: alipomuuliza mama mmoja anamfundisha nini binti yake, mama alijibu kwamba binti yuko Riyadh, na malezi yaliyobaki ni ya mjukuu aliyeachiwa. Katika la nne aliuliza dua inayosomwa zaidi nyumbani, akaambiwa ni dua ya kuombea pasi ya kusafiria itoke. Katika la sita alisimuliwa jinsi wanadarsa walivyokusanyika kumsomea Yasin mwenzao aliyekuwa anaondoka, kisha wakabishana: je, inafaa mwanamke asafiri mbali hivyo bila maharimu wake? Wengine walisema haifai. Mmoja alisema anayeuliza hivyo amletee yeye unga wa watoto.

Katika mahojiano sita kati ya tisa, safari ya Saudia au Katari iliingia bila kuulizwa.

Hapo ndipo penye sababu ya kweli ya kubadili mada, na ndiyo inayopaswa kukaa juu kabisa katika barua. Msimamizi haamini hamu. Huamini daftari la mahojiano. "Sita kati ya tisa, bila kuulizwa" ni maneno machache yanayofanya kazi ambayo kurasa tatu za nadharia haziwezi kuifanya, kwa sababu yanaonyesha kwamba swali la zamani lilikuwa linawauliza watu jambo la pembeni huku jambo lenyewe limekaa mbele yao.

Lakini sababu nzuri bado si mada. "Uhamaji" ni neno kubwa kama "dini", na kuhama kutoka uwanja mmoja mpana kwenda mwingine hakumsaidii mtu.

Hata neno lenyewe linahitaji kutazamwa. Kiswahili kinatenganisha kuhama na kuhamia. Anayehama anaacha mahali. Anayehamia anafika mahali. Ndiyo maana afisi ya serikali inayoshughulika na wageni wanaoingia huitwa ya uhamiaji. Mwanafunzi alipopitia daftari lake aligundua kwamba hakuna mwanamke hata mmoja aliyetumia neno lolote kati ya hayo mawili. Wao walisema "kusafiri", "kutoka", "kwenda Saudia". Na walikuwa sahihi kwa namna yao: mkataba wa kawaida wa kazi za nyumbani huko ni wa miaka miwili, na anayeondoka huacha watoto, godoro na sehemu yake ya upatu akikusudia kurudi. Mtafiti akiingia nyumbani kwao na kuuliza "kwa nini ulihama?" ataambiwa, kwa haki kabisa, kwamba hakuna aliyehama. Kwa hiyo katika barua ataandika "uhamaji wa kikazi wa muda", lugha ya taaluma, na katika mwongozo wa mahojiano ataandika "safari".

Kilichobaki ni kukata kipande kinachoweza kubebwa na mtu mmoja katika mwaka mmoja. Safari ya kwenda kufanya kazi Uarabuni ina sehemu nyingi: wazo linapoanza, ajenti anapotafutwa, vipimo vya afya, ndege, nyumba ya mwajiri, fedha zinazotumwa, kurudi. Wanafunzi wengi huvutiwa na sehemu ya kati, yaani mateso ndani ya nyumba ya mwajiri, kwa kuwa ndiyo inayosikika redioni. Sehemu hiyo imeandikwa sana na mashirika ya haki za binadamu. Mwaka 2017 Human Rights Watch ilitoa ripoti iliyojengwa juu ya mahojiano na wanawake 50 wa Tanzania waliofanya kazi za nyumbani Omani na Falme za Kiarabu, na mwaka 2025 Amnesty International ikatoa nyingine iliyotokana na mahojiano na Wakenya zaidi ya 70 waliokuwa Saudia.

Tena ni sehemu ngumu kufikika. Chini ya mfumo wa kafala, kibali cha mfanyakazi kuishi nchini humo kimefungwa kwa mwajiri wake. Saudia ililegeza baadhi ya masharti mwezi Machi 2021, lakini wafanyakazi wa nyumbani hawakuingizwa katika nafuu hiyo. Mwanafunzi wa Kisauni hawezi kubisha hodi katika nyumba ya Riyadh, na kumpigia simu mwanamke aliye ndani yake kunaweza kumtia mashakani mwanamke huyo.

Anachoweza kufanya, tena vizuri kuliko mtafiti atokaye mbali, ni kusoma uamuzi. Unafanyika Kisauni, kwa Kiswahili, katika vikao anavyovijua. Kwa hiyo swali jipya likawa hivi: uamuzi wa mwanamke wa Kisauni kwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani hufikiwaje, na katika uamuzi huo nani husikilizwa?

Angalia kwamba darsa haijatupwa. Imehama kiti. Katika mada ya zamani ilikuwa ndiyo kitu kinachochunguzwa. Katika mada mpya ni mojawapo ya sauti zinazosikilizwa, pamoja na mama, mume, shangazi, jirani aliyerudi na ajenti. Mwanamke anayeswali istikhara kabla ya kumjibu ajenti anafanya jambo la dini na jambo la uhamaji kwa wakati mmoja, na mtafiti aliyekwisha kusoma mambo ya dini ana macho ya kuliona hilo.

Njia hiyo ina watangulizi. Mwaka 2003 Jacqueline Hagan na Helen Rose Ebaugh walichapisha utafiti kuhusu Wamaya wa nyanda za juu za Gwatemala waliokuwa wakienda Hyuston, Marekani. Waliifuata safari hatua kwa hatua, kuanzia kuamua, kujiandaa, kusafiri na kufika, hadi mahusiano na kwao baada ya kutulia ugenini, na katika kila hatua waliuliza dini ilifanya kazi gani. Walikuta watu waliokwenda kwa wachungaji wao kuomba mwongozo kama waondoke au wasiondoke, na waliofunga na kusali kabla ya kuianza njia. Kabla ya utafiti huo, Rijk van Dijk alikuwa ameandika mwaka 1997 kuhusu Waghana wa makanisa ya Kipentekoste na kambi za maombi walikopitia kabla ya kwenda Uholanzi. Mambo haya yanafanana mno na Yasin ya Kisauni, na kuyataja katika barua kunamtuliza msimamizi ambaye utaalamu wake ni dini: mwanafunzi hamkimbii.

Kuna kosa moja, hata hivyo, ambalo lingeweza kuiharibu tasnifu nzima, na mwanafunzi alikaribia kulifanya. Mpango wake wa kwanza ulikuwa kuwahoji wanawake ishirini waliorudi kutoka Saudia na kuwauliza waliamuaje kwenda. Unaonekana mpango wa maana. Shida yake ni kwamba kila atakayehojiwa ni mtu aliyeondoka. Akisikia wote ishirini wakisema "deni lilinisukuma", ataandika kwamba deni ndilo linalowaondoa wanawake Kisauni. Hatajua kwamba labda nyumba ya tatu kuna mwanamke mwenye deni kubwa zaidi aliyebaki. Sababu inayopatikana kwa walioondoka na kwa waliobaki kwa kiasi kilekile haiwezi, peke yake, kueleza kwa nini hawa waliondoka. Dalili ya kosa hili ni rahisi kuiona katika pendekezo lolote la utafiti: tafuta kama mwandishi amepanga kuongea hata na mtu mmoja ambaye jambo halikumtokea.

Mtafiti wa Kinorwei, Jorgen Carling, alilitazama suala hili huko Kepuvede, visiwa ambavyo kwa vizazi vingi watu wake wamekuwa wakienda ng'ambo. Katika makala yake ya mwaka 2002 alitenganisha mambo mawili ambayo kwa kawaida huchanganywa: kutaka kuondoka na kuweza kuondoka. Anayetaka na kuweza, huondoka. Asiyetaka, hukaa kwa ridhaa yake. Katikati yupo anayetaka lakini hawezi, kwa kukosa viza, fedha au mtu wa kumpokea, na huyo hukaa kwa kulazimika. Ukimtazama kwa mbali utadhani hana habari na safari, kumbe roho yake iko uwanja wa ndege. Kwa mtafiti wa Kisauni, kundi hili lina thamani kubwa. Mwanamke aliyefika hadi kwa ajenti kisha mama yake akakataa anaonyesha wazi nani husikilizwa, pengine kuliko yule ambaye kila mtu alimkubalia.

Basi mpango ukabadilika. Wanawake wanane waliorudi. Sita waliofikia kutafuta pasi au ajenti kisha wasiende. Na ndugu sita, mmoja mmoja kutoka nyumba tofauti, waliokuwemo wakati uamuzi unafanywa. Wote ni ishirini, idadi ileile, lakini sasa inaweza kulinganishwa. Kundi la mwisho liliongezwa kwa sababu ya hoja ya Oded Stark na David Bloom ya mwaka 1985, kwamba anayeamua safari mara nyingi ni familia, inayomtuma mmoja wake ili isitegemee kipato kimoja. Hoja hiyo inasaidia, ila isichukuliwe nzimanzima. Familia haina mdomo mmoja. Mume anaweza kusema "tuliamua" na mke akasema "niliambiwa", na tofauti ya vitenzi hivyo viwili ni matokeo ya utafiti, wala si kasoro ya mahojiano.

Upande wa karatasi nao lazima uguswe katika barua, kwa kuwa hapo ndipo miezi hupotea. Nchini Kenya, Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 inamtaka mtafiti awe na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya mambo hayo. Leseni hiyo hutolewa kwa mwaka mmoja na huandikwa kichwa cha utafiti pamoja na kaunti utakapofanyika. Mwenye leseni ya darsa na malezi hawezi kuitumia kuhoji watu kuhusu ajenti wa Saudia. Kabla ya leseni kuna kamati ya maadili, ambayo nayo iliidhinisha maswali ya zamani, si haya mapya. Na kabla ya kamati kuna idara yenyewe. Mwanafunzi anayeanza mahojiano mapya kwa sababu msimamizi amemjibu "sawa, endelea" anaweza kujikuta na kanda nzuri ambazo hana ruhusa ya kuzitumia.

Kamati itauliza mambo ambayo mada ya zamani haikuyaibua. Mwanamke aliyepigwa au kunyimwa mshahara akianza kulia katikati ya mahojiano, mtafiti atafanya nini? Atahojiwa wapi, ikiwa mume yuko sebuleni? Je, ataelewa kwamba mwanafunzi hana uwezo wa kumdai ajenti fedha zake? Haya yanahitaji majibu ya vitendo: mahojiano ya faragha, ruhusa ya kuacha wakati wowote, namba ya mshauri nasaha aliyekubali mapema kupokea watu, na maelezo ya wazi kwamba mahojiano hayaleti msaada wa kesi. Kwa upande wa kutunza taarifa mzigo haukubadilika sana. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu imani, hali ya ndoa na habari za familia kuwa taarifa nyeti, na mada zote mbili zinazigusa.

Mwanafunzi alikaa na haya yote siku tatu, ndipo akaandika upya. Maelezo marefu aliyaweka katika kiambatisho cha kurasa mbili, na barua yenyewe akaiacha iwe fupi:

"Mada: Ombi la kubadili mada ya tasnifu kabla ya kuwasilisha pendekezo idarani

Shikamoo Mwalimu,

Naandika kuomba ushauri na, ukiona inafaa, idhini yako nibadilishe mada ya tasnifu yangu.

Nimemaliza mahojiano tisa ya majaribio kuhusu darsa na malezi Kisauni. Katika sita, wahojiwa walizungumzia safari za kazi za Saudia na Katari bila mimi kuwauliza, na mara mbili darsa yenyewe ilikuwa mahali pa kuijadili safari hiyo. Nimeona kwamba swali langu la sasa linalipita jambo linalowashughulisha zaidi.

Napendekeza kuuliza: uamuzi wa mwanamke wa Kisauni kwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani hufikiwaje, na nani husikilizwa? Nitabaki Kisauni na nitabaki na darsa kama mojawapo ya sauti ninazozichunguza. Nitaacha sura ya malezi na fasihi yake. Sura ya pili itabidi niiandike upya kwa sehemu kubwa. Nakadiria wiki saba.

Nitahitaji idhini mpya ya kamati ya maadili na leseni mpya ya NACOSTI. Sitamhoji mtu yeyote mpaka nizipate. Kwa hesabu yangu nitachelewa muhula mmoja, na ada yake nimeshaipangia.

Najua uhamaji si uwanja wako mkuu. Ningeomba uendelee kuniongoza, na tuzungumze kama inafaa msimamizi wa pili atoke upande huo.

Nimeambatisha kurasa mbili zenye swali, mpango wa wahojiwa na ratiba. Naweza kuja afisini Jumanne au Alhamisi, wakati utakaokufaa.

Mwanafunzi wako"

Kuna sentensi mbili za kutazama hapo. "Nitaacha sura ya malezi" inauma kuiandika, maana ni kazi ya miezi minne, lakini mwanafunzi asiyetaja anachokiacha huonekana kama anayetaka kubeba tasnifu mbili. Na ile inayosema uhamaji si uwanja mkuu wa msimamizi inahitaji ujasiri na adabu kwa pamoja. Kunyamaza kungekuwa rahisi zaidi. Lakini msimamizi angelifikiria jambo hilo mwenyewe, na vyuoni Kenya ni kawaida mwanafunzi wa uzamili kuwa na wasimamizi wawili, kwa hiyo ombi lina njia ya kupita.

Jibu lilikuja siku ya tatu, na halikuwa la ndiyo wala la hapana.

"Marahaba mwanangu. Nimesoma. Sababu yako ni nzuri na nakubali kwamba tulikuwa tunauliza jambo la pembeni. Njoo Alhamisi saa nne. Kabla ya kuja nijibu moja: hao sita waliotaka kwenda wasiende utawapataje? Waliorudi wanajulikana mtaa mzima. Lakini anayekataliwa na mamake huwa hamwambii mtu."

Mwanafunzi alikaa na swali hilo jioni nzima. Usiku alirudi kwenye daftari lake la zamani, la darsa, akafika kwenye mahojiano ya sita, ule ubishi kuhusu maharimu. Kulikuwa na mwanamke aliyeketi karibu na mlango ambaye hakusema neno, na mwanafunzi, bila kujua kwa nini, alikuwa ameandika pembeni mwa ukurasa kwamba aliondoka kabla ya kumalizika. Asubuhi alimpigia simu mwalimu wa darsa kumuuliza kama, kibali kitakapopatikana, angekubali kufikisha ujumbe kwa wanadarsa wake, ili anayetaka kuzungumza ajitokeze mwenyewe.